Kuongoza filamu ya kwanza Kigoma bila vurugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vijana wanaojiandaa kurekodi filamu fupi mjini Kigoma, Ujiji na kwenye vijiji vya pwani ya ziwa. Wengi wana timu ya watu kumi hadi kumi na watano, kamera moja, na siku mbili au tatu za kazi. Majibu yamelenga timu ya ukubwa huo. Swali linalogusa lingine limeelekezwa huko ili tusirudie.

## Kabla ya kufika lokesheni

Vurugu za lokesheni hutoka wapi hasa?

Mara nyingi hutoka kwenye maamuzi ambayo hayakufanywa mapema. Mwongozaji mgeni hudhani utulivu ni tabia ya mtu, kwamba ukiwa mpole basi kazi nayo itakuwa ya upole. Wapo wapole wanaoendesha lokesheni zenye kelele kuliko soko la Kibirizi asubuhi, kwa sababu kila jambo linaamuliwa papo hapo, mbele ya watu wote, huku jua likishuka.

Yapo mambo mawili yanayofaa kuamuliwa mezani, siku kadhaa kabla: nani anasema nini, na shoti zipi zitaachwa muda ukipungua. Ukiyamaliza hayo, sehemu kubwa ya ugomvi haitapata pa kuanzia.

Nani awape watu maelekezo, mimi au mwongozaji msaidizi?

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: msaidizi anashika saa, wewe unashika picha. Yeye ndiye anaita watu, anatangaza kinachofuata, anaomba kimya na kukukumbusha muda uliobaki. Wewe unazungumza na waigizaji, mpiga picha na mtu wa sauti. Mtu wa taa akikufuata kuuliza chakula kitakuja saa ngapi, mwelekeze kwa msaidizi, hata kama jibu unalijua. Ukimjibu leo, kesho watakufuata wote.

Msaidizi asiwe rafiki yako anayekuonea haya. Anatakiwa kuweza kukunong'oneza, "Dairekta, umebakiza dakika ishirini, chagua," na wewe uchague bila kununa. Timu ikiwa ndogo sana, kazi hiyo mpe anayeandika mwendelezo wa matukio. Usimpe mpiga picha, maana naye atataka muda uongezeke kila mara.

Ratiba ya siku niipange kwa saa zipi?

Kwa jua la Kigoma. Inaonekana jambo dogo, lakini ratiba nyingi zinazoletwa na wenzetu kutoka Dar es Salaam huanguka hapa. Nchi nzima inatumia saa zilezile, ila Kigoma iko mbali magharibi, hivyo jua linachomoza na kuzama kama dakika arobaini baada ya Dar. Hapa linazama kati ya saa 1 kasoro dakika 10 na karibu saa 1 na nusu usiku, kutegemea mwezi. Milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, hulificha dakika chache kabla ya muda ulioandikwa kwenye simu. Likishazama, mwanga wa kufanyia kazi unabaki kama dakika ishirini tu.

Asubuhi nayo ni hivyo hivyo. Vilima viko mashariki ya mji, na jua huchelewa kufika ufukweni. Kumwita mwigizaji saa 12 kamili asubuhi ili akae gizani ni kumchosha bure. Tembelea lokesheni siku mbili kabla, saa ileile utakayorekodi, uandike kivuli kinafika wapi na saa ngapi.

Kama hadithi yako ina wavuvi, angalia pia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo ndizo za kukodi mtumbwi na kupata wavuvi wenye nafasi. Ukitaka picha ya taa zimetapakaa ziwani, panga siku za giza. Vilevile uliza mapema kama uvuvi umefungwa: mwaka 2024 ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei.

Nipange shoti ngapi kwa siku?

Kwa timu ndogo, hesabu dakika 25 kwa shoti moja nje, ikiwa ni pamoja na kuweka kamera, jaribio moja na teki tatu. Kugeuza kamera iangalie upande wa pili kunakula dakika 40, kwa sababu vifaa, watu na mifuko vyote viko nyuma ya kamera na lazima vihame. Kuhamia lokesheni nyingine ndani ya mji, mfano kutoka Mwanga hadi Ujiji, usihesabu chini ya saa moja na nusu. Gari linafika haraka, lakini kufungasha na kufungua vifaa huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Vibali vinahusiana vipi na utulivu?

Kibali cha kurekodi hutolewa na Bodi ya Filamu, na mtaani unatakiwa kujitambulisha kwa mtendaji na mwenyekiti. Chapisha nakala, msaidizi awe nazo mfukoni. Afisa akifika katikati ya teki, anakutana na msaidizi mwenye karatasi mkononi, wewe unaendelea. Ufukweni ongeza salamu kwa uongozi wa mwalo. Kibali cha Dodoma au Dar hakimwambii mvuvi asiwashe injini.

## Mambo yakichelewa

Boti imechelewa saa moja na nusu na jua linashuka. Nafanyaje?

Tuchukue mfano kamili. Sini iko ufukwe wa Katonga: baba anaingia ziwani jioni, kijana wake anakataa kumfuata. Orodha ina shoti saba. Ya kwanza ni picha pana ya ziwa, boti na wote wawili. Ya pili, baba anasukuma boti. Ya tatu, uso wa baba akizungumza. Ya nne, uso wa kijana akijibu. Ya tano, mikono kwenye kamba. Ya sita, miguu ya majirani mchangani. Ya saba, boti inakwenda na kijana amebaki amesimama, mgongo kwetu.

Nyumbani ulishazipanga kwa herufi. A ni zile ambazo sini haipo bila hizo: ya 1, 3, 4 na 7. B ni ya 2. C ni ya 5 na 6, za kuachwa kwanza.

Boti ilitakiwa saa 9:15 alasiri. Saa 9:20 msaidizi anapiga simu, anaambiwa injini ina shida, labda itachelewa kwa muda wa saa moja hivi. Hapa waongozaji wengi huanza kutembea huku na huku wakiuliza kila baada ya dakika tano. Wewe uliza swali moja: shoti gani haihitaji boti? Ya 4 haihitaji. Uso wa kijana unaangalia ziwani na nyuma yake kuna nyavu na nyumba. Ya 5 nayo haihitaji, kamba ifungwe kwenye nguzo yoyote.

Tatizo la kurekodi ya 4 saa 9:40 ni kwamba jua bado liko juu, na baadaye halitafanana na picha pana ya jioni. Mweke kijana kwenye kivuli, au watu wawili wanyooshe shuka jeupe juu yake ili mwanga ulainike. Mtu mwenye urefu wa baba asimame pale baba atakapokuwa, ili macho ya kijana yaangalie mahali sahihi. Mwigizaji wa baba asome maneno yake pembeni ya kamera.

Boti inafika saa 10:40. Jua litajificha karibu saa 1 kasoro dakika 5, una dakika 135. Kwa dakika 25 kila moja ni shoti tano, lakini toa dakika 40 za kugeuza kamera iangalie ziwa. Zimebaki kama tatu na ushee. Ya 6 inafutwa bila mjadala. Ya 2 inamezwa na ya 1: kamera isikatwe, baba aingie kwenye picha pana na kusukuma boti humohumo. Unaanza na ya 1, halafu ya 3, kisha mnafanya jaribio la ya 7 kwa maneno tu, boti ikiwa bado ufukweni. Mnasubiri jua. Ya 7 ina teki moja, labda mbili, kwa sababu boti ikishakwenda inachukua dakika kumi kurudi.

Na kama boti ingefika saa 12? Basi ya 1 na ya 7 tu, kamera ikiwa imeshageuzwa mkisubiri. Ya 3 ingefanyika baada ya jua kuzama, uso wa baba karibu kabisa, nyuma yake ubavu mweusi wa boti, taa ndogo kutoka upande wa ziwa. Uso wa karibu unaweza kudanganya saa. Picha pana ya ziwa haiwezi.

Niiambie timu kwamba tumechelewa, au ninyamaze?

Waambie, mara moja, kupitia msaidizi, pamoja na mpango mpya: "Boti inakuja saa kumi na nusu, sasa tunafanya ya nne, watu wa boti pumzikeni kivulini." Watu hawachoshwi sana na kuchelewa kama wanavyochoshwa na kusubiri wakiwa wamesimama bila kujua wanasubiri nini. Usitaje aliyesababisha. Mwenye boti utamalizana naye jioni, mkiwa wawili.

Adhana, injini za boti na watoto wanaoshangaa, je?

Adhana ina muda wake, iandike kwenye ratiba. Ujiji misikiti iko karibukaribu na adhana hupishana kwa dakika chache, kwa hiyo usipange mazungumzo ya maana karibu na alasiri wala magharibi. Pumzikeni, wanaoswali waende wakaswali. Ijumaa mchana, wakati wa swala, usipange kitu Ujiji, hiyo iwe ndiyo saa ya chakula.

Injini huwezi kuzizuia zote. Rekodi picha, kisha mwigizaji aseme maneno yake tena mara mbili, sauti peke yake, maiki karibu na mdomo, boti ikishapita. Kabla ya kuhama rekodi pia nusu dakika ya kimya cha mahali pale, mhariri ataihitaji kuziba mapengo.

Watoto usiwafukuze kwa fimbo, wanarudi na wenzao. Mtafute mama mmoja anayejulikana mtaani, umlipe kama mfanyakazi wa siku, ashike mpaka wa watazamaji. Akisema "wanangu, rudini nyuma," wanarudi.

## Watu wakichoka

Tufanye kazi saa ngapi kwa siku?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 12 kwa siku, saa 9 zikiwa za kawaida. Inataka mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 12 za kupumzika kabla ya siku inayofuata. Timu zetu nyingi ni za kuelewana, bila mikataba, na utasikia kwamba sheria hiyo ni ya maofisini. Tumia vipimo hivyo hata hivyo. Saa zihesabiwe kuanzia mtu anapoondoka kwake, si kamera inapowashwa.

Maana yake ni kwamba mkimaliza saa 3 usiku, kesho hakuna wa kuitwa kabla ya saa 3 asubuhi. Ukitaka alfajiri ya kesho, maliza mapema leo.

Nitajuaje wamechoka kabla hawajasema?

Hapa kwetu mtu hasemi. Atakuambia "tuko pamoja, bosi" huku amelala wima. Angalia kazi yenyewe. Mtu wa sauti anasahau kuwasha maiki. Mpiga picha anakubali teki ambayo asubuhi angeikataa. Memori kadi inawekwa mfukoni bila kuandikwa, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu kadi isiyoandikwa ndiyo inayofutwa. Vicheko vinaisha, au vinazidi bila sababu.

Ukiona dalili mbili kati ya hizo, simamisha kwa dakika kumi na tano kamili, watu wakae chini, maji na karanga zipite. Ukiona zimerudi ndani ya saa moja, funga siku. Shoti za saa ya kumi na tatu kwa kawaida hazitumiki, na anayebisha akaziangalie wakati wa uhariri.

Chakula kina umuhimu gani kweli?

Mkubwa kuliko taa. Kiwe cha moto, kwa wakati uliotangazwa, na cha aina moja kwa wote. Ugali wa muhogo na migebuka ukiwapa watu wa mbele na mkate ukiwapa wabeba vifaa, umepanda ugomvi utakaouvuna siku ya pili. Mwongozaji apakue wa mwisho.

Tukirekodi usiku ziwani?

Kila aliye kwenye boti avae jaketi okozi, pamoja na wewe. Kama mwigizaji hatakiwi kuonekana nalo, boti ya pili yenye injini ikae karibu, nje ya picha. Mwenye boti akisema upepo umebadilika, mnarudi, na hilo si suala la kujadiliana. Baada ya kazi ya usiku, anayeendesha gari asiwe amekesha nanyi. Lipia dereva aliyelala mchana.

## Mkibishana

Mpiga picha ananipinga mbele ya timu. Nimkatize?

Hapana, mvute pembeni. Hatua kumi zinatosha, na msaidizi atangaze mapumziko mafupi ili watu wasitege masikio. Muulize anaona nini kinapotea. Mara nyingi hoja yake ni ya kiufundi na ana haki: jua litaingia kwenye lenzi, au kamera ikikaa hapo kijana na baba watakuwa wanaangalia upande mmoja badala ya kuelekeana. Ikiwa ni hivyo, kubali, na ukirudi sema wewe mwenyewe, "Tunahamisha kamera."

Ikiwa ni suala la ladha tu, amua. "Nimekusikia, kaka, leo tunafanya hivi." Ile desturi ya kufanya teki moja ya kwake na moja ya kwako ni nzuri siku yenye nafasi, lakini ufukweni saa 12 jioni ni dakika 25 ambazo huna.

Mwigizaji ni mkubwa kwangu kwa umri. Namrekebishaje?

Msogelee, usipaze sauti kutoka kwenye kamera. Mzee wa miaka sitini akielekezwa kwa kelele mbele ya vijana ataitikia "sawa" na hatabadilisha kitu. Mwamkie kila asubuhi kabla ya mengine. Kisha mpe jambo la kufanya badala ya hukumu. Usimwambie "mzee, hapo umezidisha." Mwambie, "Mzee wangu, safari hii usimwangalie kijana mpaka umalize kufunga kamba." Atapunguza mwenyewe, na hakuna aliyeaibika.

Mwigizaji anakataa kitendo kilichomo kwenye skripti.

Kama ni kitendo cha hatari, cha mwili wake au cha imani yake, usimshawishi kwa kundi, wala usimkumbushe kwamba alikubali. Badilisha sini. Kama hakubaliani na mantiki ya mhusika, mpe dakika tano, na mara nyingi sentensi moja ya maneno yake mwenyewe inamaliza. Mambo haya yalipaswa kujitokeza kwenye mazoezi, kwa hiyo fanya mazoezi ya kusoma pamoja angalau mara moja, mkiwa mmekaa.

Aliyetoa fedha amekuja na anawapa waigizaji maelekezo.

Mpe kiti kizuri, kivuli na soda, nyuma yako na si kando ya waigizaji. Msaidizi amweleze kwa heshima kwamba maoni yote yanapita kwako. Akishikilia, tumia utaratibu wa kumvuta pembeni, kama kwa mpiga picha.

Na mimi mwenyewe nikikasirika?

Mwachie msaidizi lokesheni kwa dakika tano uende mbali na macho. Sauti ikishakutoka, waombe radhi palepale mbele ya haohao waliosikia.

## Yasiyo ya kila siku

Mtu muhimu ameondoka katikati ya kazi.

Usimkimbilie barabarani, na usitume kundi. Atumwe mtu mmoja anayesikilizana naye. Wakati huo rekodi yasiyomhitaji, kwa utaratibu uleule wa boti iliyochelewa. Mkisikia chanzo ni malipo, prodyuza atoe jibu lenye tarehe na kiasi, kwa maandishi ya simu. Akirudi, arudi kazini bila mahojiano.

Mmoja amekuja amelewa.

Hagusi vifaa, hapandi boti, harekodiwi. Arudishwe nyumbani na mtu, si kwa bodaboda peke yake. Mazungumzo ni kesho.

Kumetokea msiba nyumba ya jirani na lokesheni.

Zima jenereta na muziki kwanza. Kisha wewe na msaidizi mwende mkatoe pole, na rambirambi kutoka kwenye fungu la dharura, kabla ya kuuliza chochote. Mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kuuliza kama mnaweza kuendelea. Mara nyingine jibu ni kwamba mwendelee kimya baada ya mazishi, mara nyingine ni kwamba mje wiki ijayo. Sini za ndani zenye mazungumzo ya chini zinaweza kuhamishiwa nyumba nyingine siku hiyohiyo ikiwa mlishaandika nyumba ya akiba kwenye ratiba. Kama hamkuandika, wape watu mapumziko ya siku na walipwe nusu, na msaidizi aanze kupiga simu za kupanga tarehe mpya.